Gentamisini kwa mgonjwa mnene: uzito halisi, uzito bora au uzito uliorekebishwa?

Mama wa miaka 46 amelazwa na maambukizi ya figo yaliyoingia kwenye damu. Urefu wake ni sentimita 160, mizani inasoma kilo 118, na kreatinini yake ni mikromoli 88 kwa lita. Kwenye faili imeandikwa gentamisini miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Haikuandikwa kilo zipi, na jibu la swali hilo linaweza kuifanya dozi iwe miligramu 265 au 590 kwa mtu yuleyule, siku ileile.

Uzito unaoweza kuingia kwenye hesabu ni wa aina tatu. Uzito halisi ni ule wa mizani. Uzito bora ni makadirio ya kilo ambazo mtu wa urefu huo angekuwa nazo bila mafuta ya ziada. Uzito uliorekebishwa ni uzito bora ukiongezewa sehemu ya kile kilichozidi, na kwa kawaida sehemu hiyo ni asilimia 40.

```
Uzito bora, mwanaume = 50 + 0.9 × (urefu kwa sm − 152)
Uzito bora, mwanamke = 45.5 + 0.9 × (urefu kwa sm − 152)
Uzito uliorekebishwa = uzito bora + 0.4 × (uzito halisi − uzito bora)
```

Kanuni ya uzito bora ni ya Devine, aliyeichapisha mwaka 1974 katika makala iliyohusu gentamisini yenyewe. Haikutokana na kupima maelfu ya watu. Ni makadirio ya mezani ambayo yalionekana kufanya kazi yakabaki. Kwa hiyo usihangaike na desimali. Zungusha hadi kilo nzima na uendelee.

Kwa mama wetu, uzito bora ni 45.5 + 0.9 × 8, yaani kilo 53. Ziada ni kilo 65, na asilimia 40 yake ni 26. Uzito uliorekebishwa ni kilo 79.

## Kwa nini si zote, na kwa nini si sifuri

Gentamisini huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Ikishaingia kwenye mshipa husambaa katika maji yaliyo nje ya seli, na kwa mtu wa uzito wa kawaida eneo hilo ni kama lita 0.25 kwa kila kilo. Ndani ya chembe ya mafuta haina kazi wala nafasi. Ukimpa mtu dozi ya kilo 118, unadhani kila kilo ya ziada ina maji sawa na kilo ya msuli, jambo ambalo si kweli.

Lakini kosa la upande wa pili ni kubwa vilevile. Tishu ya mafuta si mafuta matupu. Ina mishipa ya damu, nyuzi za kuishikilia na majimaji kati ya chembe zake. Isitoshe, mtu mwenye kilo 118 hubeba misuli zaidi ya mwenzake wa kilo 53, kwa sababu mwili mzito unahitaji nguvu ya kuusogeza, na kiasi chake cha damu pia ni kikubwa. Maji hayo ya ziada yapo, na dawa inayafikia. Sehemu ya 0.4 ni jinsi ya kuyahesabu: kila kilo ya ziada ihesabiwe kama imebeba maji kiasi cha asilimia 40 ya yale ya kilo ya kawaida. Vipimo vya dawa za kundi la gentamisini, tobramisini na amikasini katika damu ya wagonjwa wanene ndivyo vilivyoleta namba hiyo. Kwa kundi hilo inasimama vizuri. Nje ya kundi hilo ni namba ya kuazima, na nitarudi hapo.

## Dozi tatu, mgonjwa mmoja

Tukichukua kilo 79 kuwa ndizo zinazowakilisha maji ya mama huyu, gentamisini itasambaa katika lita 20 hivi. Hapo tunaweza kukadiria kilele cha dawa kwenye damu baada ya kila dozi.

| | Uzito halisi (118) | Uzito bora (53) | Uliorekebishwa (79) |
|---|---|---|---|
| Dozi ya 5 mg/kg | 590 mg | 265 mg | 395 mg |
| Kilele kinachotarajiwa | karibu 30 mg/L | karibu 13 mg/L | karibu 20 mg/L |

Gentamisini huua bakteria kwa kilele. Inafanya kazi vizuri pale kilele kinapofika mara 8 hadi 10 ya kiwango cha chini kinachomzuia bakteria kukua. Kwa bakteria wa tumboni anayezuiwa na miligramu 2 kwa lita, yaani aliye ukingoni mwa wale wanaoitwa bado wanasikia dawa, kilele kinachotakiwa ni 16 hadi 20. Dozi ya uzito uliorekebishwa inafika. Dozi ya uzito bora inaishia kwenye 13, mara sita na nusu tu. Mama anaweza kukaa siku mbili na homa yake, daktari akadhani bakteria ni sugu, kumbe dozi ilikuwa ya mtu mwembamba.

Dozi ya 590 haionyeshi ubaya wake siku ya kwanza. Figo zikiwa nzima, dawa itaondoka kabla ya saa 24 kuisha hata ikianzia kwenye 30. Ubaya unatokea figo zinapolegea, na mgonjwa wa maambukizi makali figo zake hulegea mara nyingi. Usafishaji ukishuka hadi mililita 40 kwa dakika, dozi ya 590 itaacha karibu miligramu 1.7 kwa lita saa 24 baadaye, wakati dozi ya 395 itaacha 1.1. Kiwango tunachotaka kabla ya dozi inayofuata ni chini ya 1. Aliyepewa dozi sahihi amevuka mstari kidogo na kuchelewesha dozi ya pili kunatosha. Yule mwingine amevuka kwa mbali, na kila dozi inayofuata inazidi kujaza chembe za figo na za sikio la ndani. Uharibifu wa sikio mara nyingi haurudi.

Kwa gentamisini, tobramisini na amikasini, basi, chaguo langu ni moja: uzito uliorekebishwa, mara tu uzito halisi unapozidi asilimia 120 ya uzito bora.

Mpaka huo wa 120 una kichekesho chake. Kwa mwanamke wa sentimita 160 ni karibu kilo 64. Mwenye kilo 63 yuko chini ya mpaka, anapewa kwa uzito halisi, miligramu 315. Mwenye kilo 65 amevuka, uzito wake uliorekebishwa ni 58, anapata 290. Mzito zaidi amepata dawa kidogo zaidi. Hilo ni kasoro ya kuweka mstari mahali ambapo mwili hauna mstari, lakini tofauti ya miligramu 25 haimdhuru mtu. Wapo wanaoweka mpaka kwenye 125 au 130, na sioni sababu ya kugombana nao. Kisichobadilika ni upande wa chini: mtu ambaye uzito wake halisi uko chini ya uzito bora hupewa dozi kwa uzito halisi, kamwe si kwa uzito bora, maana utakuwa unampa dawa ya kilo asizonazo.

## Uzito wa dawa na uzito wa figo

Watu wengi huchagua uzito mmoja wakautumia kila mahali. Kumbe maswali ni mawili: dawa inasambaa katika mwili wa ukubwa gani, na figo zinaiondoa kwa kasi gani? Kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, ambayo bado ndiyo inayotumika zaidi kupangia vipindi vya dozi, nayo inauliza uzito.

```
Usafishaji (mL/dakika) = (140 − umri) × uzito × k / kreatinini (µmol/L)
k = 1.23 mwanaume, 1.04 mwanamke
```

Kwa mama wetu, uzito halisi unaleta 131, uzito bora unaleta 59, na uliorekebishwa unaleta 88. Kreatinini inatoka kwenye misuli, si kwenye mafuta, kwa hiyo 131 ni sifa ambayo figo zake hazijaistahili. Na 59 ni kumdharau.

Majedwali mengi ya gentamisini yanasema usafishaji wa 60 kwenda juu ni kila saa 24, na chini ya 60 ni kila saa 36. Aliyetumia uzito bora kwenye dozi na kwenye figo ataandika miligramu 265 kila saa 36, ambayo ni wastani wa miligramu 177 kwa siku, chini ya nusu ya anachohitaji. Kosa moja limemkata mgonjwa mara mbili, na ukitazama faili hutaona kitu cha ajabu, kwa sababu kila hatua imefuata kanuni.

Kuna njia ya kujihakikishia. Kama maabara inatoa eGFR pamoja na kreatinini, majibu ya mama huyu yatasoma karibu 71. Namba hiyo imesawazishwa kwa mwili wa mita za mraba 1.73. Eneo la mwili wake ni kipeuo cha pili cha (160 × 118 ÷ 3600), yaani 2.29. Zidisha 71 kwa 2.29, gawa kwa 1.73, utapata 94. Iko jirani na 88 na mbali na 59 na 131. Njia mbili tofauti zikikutana hivyo, endelea bila wasiwasi. Zikipishana sana, angalia kwanza kama kreatinini imetulia. Figo zinazoendelea kushuka haziwezi kupimwa kwa kanuni yoyote kati ya hizi.

## Pale ambapo uzito uliorekebishwa hauchukui nafasi ya uzito halisi

Mtu akishaizoea kanuni ya 0.4 hushawishika kuitumia kwa kila dawa ya mgonjwa mnene. Mama huyuhuyu akipata damu iliyoganda kwenye mguu siku ya nne, atahitaji enoksaparini ya tiba, miligramu 1 kwa kilo kila saa 12. Hapo uzito ni halisi: miligramu 120 kwa dozi. Ukitumia uzito uliorekebishwa utampa 80, pungufu kwa theluthi moja, na damu iliyoganda haina subira. Yeye BMI yake ni 46, na wapo wataalamu wanaoanza na 0.8 kwa kilo kwa watu wenye BMI ya 40 na zaidi, wakipima athari ya dawa kwenye damu. Lakini hata hao wanazidisha kwa uzito halisi. Mgawo wa mara mbili kwa siku ni bora kuliko ule wa 1.5 kwa kilo mara moja. Na hapa ndipo yale maswali mawili yanapotengana wazi: dozi ya enoksaparini inahesabiwa kwa kilo 118, lakini ukitaka kujua kama usafishaji umeshuka chini ya 30, ambapo dozi inabaki moja kwa siku, unahesabu figo kwa kilo 79.

Vankomisini nayo hufuata uzito halisi kwa dozi ya kuanzia, ingawa ni dawa ya majini kama gentamisini. Kinachotofautisha ni vipimo: eneo inamosambaa linaendana na uzito halisi kuliko na ule mwingine, ila si kilo kwa kilo. Kwa mwembamba ni kama lita 0.7 kwa kilo, kwa mnene ni kama 0.5. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unasema miligramu 20 hadi 25 kwa kilo halisi kwa mtu mnene, na kikomo cha gramu 3. Kwa mama wetu ni kati ya 2,360 na 2,950. Dripu isipite kasi ya gramu 1 kwa saa, la sivyo atawashwa na kuwa mwekundu shingoni na kifuani, na mtu ataandika kwenye faili kwamba ana mzio. Dozi za kuendeleza hazifuati uzito tena. Zinafuata figo na vipimo vya damu.

Fenitoini ya kuanzia, kwa degedege lisilokoma, inakwenda kinyume kabisa. Inapenda mafuta, kwa hiyo kila kilo ya ziada inabeba zaidi ya kilo ya kawaida, na namba iliyopatikana kwa vipimo ni 1.33 badala ya 0.4. Mwongozo mwingi huweka kikomo cha gramu 2, na kwa mama huyu kikomo ndicho kitakachoamua. Dozi ya kila siku baada ya hapo hurudi kwenye uzito bora.

Chumba cha upasuaji kina orodha yake: suksametoniamu kwa uzito halisi, rokuroniamu kwa uzito bora.

## Kanuni inapodanganya

Sehemu ya 0.4 inadhani kilichozidi ni mafuta. Mtu mwenye tumbo lililojaa maji kwa sababu ya ini, au miguu iliyovimba kwa sababu ya moyo au figo, amezidi kwa maji, na gentamisini huingia kwenye maji hayo moja kwa moja. Ukimhesabu kama mnene utampunguzia kilele. Bonyeza mguu wake kabla ya kushika kalamu, na uliza uzito wake wa kabla ya kuvimba. Kwa mgonjwa kama huyo dozi ya kwanza inahitaji kuwa upande wa juu, na zinazofuata ziongozwe na kipimo cha damu, au abadilishiwe dawa kama kipimo hakipo. Vilevile mgonjwa aliyepewa lita sita za maji tangu jana: tumia uzito aliolazwa nao, si wa leo asubuhi.

Mbeba vyuma wa kilo 105 na urefu wa sentimita 170 naye kanuni itamwita mnene. Kwake tumia uzito halisi.

Kwa watu wafupi chini ya sentimita 152, kanuni ya Devine haikuandikwa kwa ajili yao, na kina mama wa urefu huo ni wengi. Wengine hupunguza kilo 0.9 kwa kila sentimita, wengine huacha 45.5 ilivyo. Kwa mwanamke mnene wa sentimita 148 tofauti ya njia hizo kwenye gentamisini ni kama miligramu 10. Chagua moja, usipoteze asubuhi. Kwa watoto usiitumie kabisa.

Kipimo kinachokosewa zaidi ni urefu, kwa sababu mgonjwa amelala na mtu anakisia. Kila sentimita moja inasogeza uzito uliorekebishwa kwa karibu kilo nusu; kosa la sentimita 10 ni kilo 5 na ushee, au miligramu 27 za gentamisini. Kosa la kilo 10 kwenye mizani linasogeza kilo 4. Kwa dozi ya karibu 400 hilo linavumilika. Kwa enoksaparini, ambako mizani inahesabiwa yote, kilo 10 ni miligramu 10, kwa hiyo huko ndiko pa kutafuta mizani nzuri. Anayetaka njia ya haraka ya uzito bora achukue urefu kwa sentimita atoe 105 kwa mwanamke, 100 kwa mwanaume. Kwa mama wetu ni 55, uliorekebishwa unakuwa 80, na dozi ni 400. Ni ileile.

Hatari zaidi ni kurekebisha mara mbili. Mfamasia anahesabu 79, anaiandika sehemu ya uzito, kisha mwingine anaiingiza kwenye kikokotoo cha simu ambacho nacho kinarekebisha. Kinatoa 63, na dozi inashuka hadi 315. Namna ya kugundua ni rahisi: uzito uliorekebishwa lazima ukae kati ya uzito bora na uzito halisi, chini kidogo ya katikati. Katikati ya 53 na 118 ni karibu 86, kwa hiyo 79 ina maana. Sitini na tatu imeshuka mno, na 95 ingekuwa imepanda mno.

## Kutoka kwenye karatasi hadi kwenye dripu

Miligramu 395 haipimiki vizuri kwa ampuli za 80, kwa hiyo ni 400: ampuli tano, mililita 10, ndani ya mililita 100 za maji ya chumvi au glukosi ya asilimia 5, kwa dakika 30 hadi 60. Usiichanganye kwenye chupa moja na ampisilini au jamii yake, maana huivunja nguvu. Hospitali yako ikiwa na kikomo cha dozi, kiangalie kabla ya kuandika.

Kama kipimo cha gentamisini kipo, chukua damu kabla ya dozi ya pili. Zaidi ya 1, chelewesha na upime tena. Kama hakipo, pima kreatinini kila siku ya pili na usivuke siku chache bila sababu nzito. Usitegemee mkojo kupungua, kwa sababu figo zinazoumizwa na dawa hii mara nyingi huendelea kutoa mkojo wa kutosha. Kreatinini ya 88 ikifika 115, hiyo tayari ni dalili. Muulize pia kuhusu mvumo masikioni na kizunguzungu anaposimama. Wengi hawasemi mpaka waulizwe.

Na kwenye chati andika hesabu, si jibu tu: «Gentamisini 400 mg kila saa 24 (5 mg/kg × kilo 79, uzito uliorekebishwa, halisi 118, urefu 160, usafishaji 88)». Anayeingia zamu ya usiku ataona kuwa marekebisho yamekwisha fanyika, na hatarekebisha tena.